Kabla ya tundu: barua kwa wanafunzi wapya wa karakana

Wanafunzi wangu,

Kazi yenu ya kwanza ya kuunganisha vyuma itakuwa ndogo: bamba la chuma juu ya fremu, bolti nne, mota ikae juu yake. Mtaiona kuwa kazi ya saa moja, na kwa mikono iliyozoea ni ya saa moja kweli. Ninawaandikia mapema kwa sababu sehemu kubwa ya saa hiyo hupita drili ikiwa bado imelala mezani, na mwanafunzi mgeni hudhani muda huo ni wa kupotezwa.

Fikirieni mambo matatu mtakayofanya: kubana kwa klampu, kutoboa, kufunga kwa bolti. Klampu ikikaa vibaya unailegeza. Bolti ikikosewa unaifungua. Tundu likishatobolewa halirudi, na kulijaza kwa kuchomelea ili utoboe tena ni kazi chafu ambayo siipokei hapa karakanani. Ndiyo maana ukaguzi wote wa maana uko kabla ya tundu. Lakini kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi hulipita haraka: klampu huficha makosa. Ukiikaza vya kutosha, vyuma viwili visivyoendana vitaonekana vinaendana, na utatoboa ukiwa na furaha. Kwa hiyo ninachotaka mkishike ni hiki: kitu chochote unachotaka kukijua kuhusu kazi yako, kijue vyuma vikiwa bado vimelegea.

Tuichukue kazi yenyewe. Fremu imetengenezwa kwa chuma cha pembe, anglaini, ya 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 5. Imekatwa kwa nyuzi 45 kwenye kona na kuchomelewa, ubavu mmoja ukiwa juu kama meza na mwingine ukining'inia nje. Bamba lina unene wa milimita 8, urefu wa 400 na upana wa 300, sawa kabisa na fremu kwa nje. Bolti ni M10, yaani za kipenyo cha milimita 10.

Anza kwa kusafisha, na usifanye hivyo kwa sababu ya urembo. Bamba lililokatwa kwa grinda lina makali yaliyojikunja ukingoni, na fremu iliyochomelewa ina matone ya chuma yaliyoganda hapa na pale. Tone moja dogo, ambalo jicho halilijali, linatosha kuinua kona ya bamba. Pitisha tupa kwenye kingo zote, toa matone kwa patasi, kisha pitisha kiganja polepole juu ya nyuso zote mbili zitakazogusana. Kidole huhisi kitu ambacho jicho limekikosa. Mshono wa kuchomelea uliovimba juu ya fremu nao lazima usagwe hadi ulingane na chuma, la sivyo bamba litakalia mishono minne wala halitagusa fremu.

Sasa laza bamba juu ya fremu bila klampu, na ubonyeze kona moja baada ya nyingine kwa kidole gumba. Likitulia kote, vizuri. Likicheza, yaani ukibonyeza kona moja kona nyingine ikainuka, una msokoto mahali fulani, na swali ni kama uko kwenye bamba au kwenye fremu.

Hapa wengi watakwambia uligeuze bamba juu chini uone kama mchezo unahama. Msipoteze muda. Chuma kilichosokotwa hakibadili mwelekeo wa msokoto wake kwa kupinduliwa, na ukilizungusha nusu duara bado kona zilezile za mshazari ndizo zitakazoinuka. Mimi niliamini ushauri huo kwa muda mrefu mpaka nilipochukua kipande cha bati, nikakisokota kwa makusudi na kukipindua mezani. Jaribuni wenyewe. Njia ya uhakika ni kulipeleka bamba kwenye meza bapa ya kupimia, kulilaza hapo na kubonyeza kona. Likitulia mezani, bamba halina kosa na fremu ndiyo iliyosokotwa. Likicheza mezani pia, shughulika nalo kwanza, maana huwezi kuipima fremu kwa kitu ambacho chenyewe si bapa.

Mara nyingi mkosaji ni fremu. Kuchomelea kunapasha joto upande mmoja, chuma kikipoa kinasinyaa, na kona inavutwa. Tuseme bamba ni zuri, na linapokalia kona tatu za fremu, ya nne ina pengo. Chukua fila geji, seti ya majani membamba ya chuma ya kupimia mapengo, ingiza jani moja baada ya jingine hadi upate linalopita kwa kukwaruza kidogo. Tuseme ni milimita 0.8.

Mwanafunzi asiye na subira atasema: Mwalimu, si klampu itavuta tu? Itavuta. Pengo litafungika, matundu yatalingana, bolti zitapita, na kazi itapendeza machoni. Lakini vyuma vile vinataka kurudi vilikokuwa. Sehemu ya nguvu ya bolti ya kona ile itakuwa inatumika kushikilia chuma kilichopindwa, na kinachobaki ndicho kitakachobana nyuso mbili pamoja. Mota ikianza kutetemeka, bolti hiyo ndiyo italegea kwanza. Isitoshe, bamba lenyewe litakuwa limepinda, na miguu ya mota itakayokaa juu yake haitakuwa kwenye usawa mmoja. Kwa mashine zinazozunguka, kikomo ambacho mafundi wengi hukitumia chini ya mguu wa mota ni milimita 0.05. Hiyo 0.8 ni mara 16 ya hapo.

Kuna mahali ambapo kuvuta hakuna ubaya. Bati la milimita 1 au 1.5 juu ya fremu imara litafuata umbo la fremu bila kudai kitu, na hakuna atakayelijua. Kadiri chuma kinavyozidi unene ndivyo kinavyokataa kufuata, na ukataaji huo hupanda haraka sana: ukizidisha unene mara mbili, ugumu wa kupinda unazidi mara nane. Bamba la milimita 8 si la kubembelezwa kwa klampu.

Basi pengo la 0.8 linatibiwaje? Ukiweza kusaga kona zile mbili zilizo juu hadi bamba litulie, saga, kidogo kidogo, ukilaza bamba kila mara. Ukishindwa, kata kipande cha bati chenye unene wa pengo, kikubwa kuliko washa, chenye mwanya wa kupitisha bolti, na ukiweke palepale bolti itakapobana. Kipande kikiwekwa ukingoni mbali na bolti, umetengeneza daraja, na bamba litapinda katikati yake bolti ikikazwa.

Bamba likishatulia, ndipo tunauliza matundu yakae wapi, na hapa ninataka mpunguze mwendo, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona yanazaliwa juu ya bamba ambalo limechorwa vizuri sana. Ukitazama bamba kutoka juu unaona mstatili mtupu. Mkono unavutwa kuchora matundu karibu na kona, tuseme milimita 20 kutoka kila ukingo, kwa sababu yanapendeza hapo. Bamba halina pingamizi. Ila bolti haiishii kwenye bamba.

Pindua fremu uitazame kwa chini. Ndani ya chuma cha pembe, pale mbavu mbili zinapokutana, hakuna kona kali. Kuna mviringo uliojazwa chuma tangu kiwandani, na kwa anglaini ya 50 kwa 50 kwa 5 mviringo huo una nusu kipenyo cha takribani milimita 7. Ongeza unene wa ubavu, milimita 5, utaona kwamba sehemu bapa ya chini inaanza milimita 12 kutoka ukingo wa nje. Washa ya M10 ina kipenyo cha milimita 20, yaani inajitanua milimita 10 kila upande wa katikati ya tundu. Tundu likiwa milimita 20 kutoka ukingoni, ukingo wa washa unafika kwenye 10. Sehemu bapa inaanzia 12. Kwa hiyo washa inapanda juu ya mviringo kwa upande mmoja, inainama, na nati inaibana ikiwa imeinama. Ni theluthi moja ya milimita tu, lakini bolti inayokazwa juu ya kitu kilichoinama inapindwa huku ikivutwa, na bolti haikutengenezwa kwa ajili ya kupindwa.

Ukihamisha tundu hadi milimita 28 kutoka ukingo wa nje, washa inaanzia 18, mbali na mviringo. Kutoka katikati ya tundu hadi ukingo mwingine wa ubavu kunabaki milimita 22, ambayo ni mara mbili ya kipenyo cha tundu. Chini ya mara moja na nusu mimi huwa nasita, kwa sababu chuma kilichobaki kinakuwa chembamba na kinaweza kutoka kama ulimi kikivutwa kwa nguvu.

Mtego wa pili uko kwenye kona. Nimesema fremu imekatwa kwa nyuzi 45. Ukichora tundu milimita 28 kutoka ukingo mmoja na milimita 28 kutoka ukingo wa pili, umelichora sawasawa juu ya mshono wa kuchomelea, kwa kuwa mshono unapita kwenye kila nukta iliyo na umbali sawa kutoka kingo zote mbili. Kutoka juu huuoni, bamba limeufunika. Utajua biti ikianza kulia na kuteleza upande, na ukimaliza utakuwa umekata sehemu ya kile kinachoishikilia fremu isifunguke. Sogeza tundu kando ya ubavu mrefu: 28 kutoka ukingo mrefu, 70 kutoka ukingo mfupi. Sasa liko mbali na mshono.

Kabla hujapiga senta panchi, ile ncha ya kutia alama ya katikati ya tundu, chukua washa halisi, nati halisi na spana utakayotumia. Ziweke chini ya fremu pale tundu litakapotokea. Je, washa inalala? Spana inaingia na kupata nafasi ya kuzunguka? Kuna aliyewahi kutoboa vizuri kabisa kisha akagundua nati iko nyuma ya kipande cha kuimarisha kona, mahali ambapo hata kidole hakifiki. Ukaguzi huu ni wa dakika moja, na sijui kwa nini watu huona aibu kuufanya.

Bolti nayo ijulikane kabla ya kutoboa. Hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Washa ya juu 2, bamba 8, anglaini 5, washa ya chini 2: jumla 17. Nati ina kimo cha takribani 8.4. Ongeza meno mawili yachomoze nje ya nati, na kwa kuwa hatua ya meno ya M10 ya kawaida ni milimita 1.5, hayo ni 3. Jumla 28.4. Bolti ya milimita 30, yenye meno hadi karibu na kichwa, inafaa. Kama umeweka kipande cha bati, kijumlishe pia: kona ile itakuwa na 29.2, na 30 bado inatosha.

Sasa tuseme kwenye sanduku hakuna za 30, kuna za 45 zenye meno nusu. Zinaonekana ndefu tu, na urefu hauna dhambi. Lakini M10 ya aina hiyo ina meno ya milimita 26, kwa hiyo sehemu laini isiyo na meno ni kama 19. Vyuma vyako na washa zake ni 17. Nati itapanda hadi mwisho wa meno na kusimama, spana itagoma, mkono utasema imekaza, na bamba litakuwa linacheza milimita 2 chini yake. Hilo la milimita 2 utaliona. La hatari ni pale tofauti inapokuwa ndogo sana, nati inagusa washa na mwisho wa meno karibu kwa wakati mmoja. Hapo hakuna kinachoonekana wala kusikika, na kiungo hakijabanwa. Kwa hiyo pima sehemu laini ya bolti kwa kaliper na uilinganishe na unene wa vyuma. Lazima iwe fupi kuliko unene huo.

Tundu la kupitisha M10 ni milimita 11. Ukitoboa 10 kamili bolti itakwama kwa kosa dogo tu la mpangilio, na 12 inaacha mchezo usio wa lazima. Toboa kwanza kwenye kipande cha chuma chakavu kisha pima tundu, siyo biti. Biti iliyonolewa upande mmoja mrefu kuliko mwingine huandikwa 11 na kutoboa zaidi ya 11.

Baada ya hayo yote ndiyo klampu inapata kazi yake halali, ambayo ni kuzuia vyuma visihame. Weka mbili angalau, maana kwa klampu moja bamba linaweza kuizunguka kama mlango kwenye bawaba. Ziwe karibu na tundu linalotobolewa lakini zisizibe njia ya drili, na mguu wa chini wa klampu ukae kwenye sehemu bapa ya anglaini, siyo kwenye mviringo ule tuliousema. Kabla ya kukaza, chora kwa kalamu ya chuma mstari mmoja unaovuka ukingo wa bamba na kushuka kwenye fremu, sehemu mbili tofauti. Kaza, kisha tazama mistari. Klampu inapozungushwa huburuta chuma kidogo, na mstari uliokatika utakwambia. Rudisha fila geji pia: mahali palipokuwa hapana pengo pasiwe na pengo sasa. Na tazama chini ya fremu, biti itakapotokea kuna nini. Waya wa drili hupenda kulala hapohapo.

Kwenye kutoboa kwenyewe nitakuwa mfupi kwa kuwa mtaona kwa macho. Piga senta panchi, toboa kwa biti ya milimita 4 kwanza, halafu 11. Kwa biti ya kawaida ya chuma, mwendo wa ukingo wa biti wa mita 25 kwa dakika unafaa kwa chuma laini, na kwa kipenyo cha 11 hiyo ni kama mizunguko 700 kwa dakika, polepole kuliko mnavyodhani. Shika drili kwa mikono miwili na mpini wa pembeni, bila glovu. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili punguza msukumo, kwa sababu hapo ndipo inapong'ata na kuzungusha drili mkononi.

Usitoboe matundu yote manne mfululizo. Toboa la kwanza kupitia vyuma vyote viwili, pitisha bolti, ikaze kidogo. Nenda la mshazari, toboa, pitisha bolti. Sasa bamba limeshikwa na bolti mbili na haliwezi kuhama hata klampu zikichoka. Malizia mawili yaliyobaki.

Halafu fungua kila kitu. Najua inauma, kazi ikiwa inaonekana imekwisha. Lakini biti ilipotoka kwenye bamba na kuingia kwenye fremu iliacha ukingo mkali katikati ya vyuma viwili, na huenda chengachenga zimeingia hapo pia. Ule usawa ulioupigania kwa fila geji umeharibiwa na wewe mwenyewe, ndani, mahali usipoona. Tenganisha, zungusha biti kubwa kwa mkono kwenye midomo yote minne ya kila kiungo cha matundu, futa, laza tena bamba, bonyeza kona tena. Kama unapaka rangi, usiache tabaka nene kati ya nyuso zinazobanwa. Rangi hubonyea polepole na bolti inapoteza mkazo wake.

Nati zote ziingie kwa vidole hadi ziguse washa. Nati inayodai spana kabla ya kugusa ina meno mabovu au tundu lake limepishana, na dawa ya tundu lililopishana si kugonga bolti kwa nyundo. Toa bolti, tazama ni chuma kipi kinaziba, urudi kuuliza kilihama lini. Kaza kwa mshazari, kwa hatua mbili au tatu. Kwa M10 iliyoandikwa 8.8 kichwani, namba inayoonyesha daraja la nguvu yake, meno yakiwa katika hali ya kawaida, mkazo wa mwisho ni kati ya nyutoni mita 45 na 50. Meno yaliyopakwa mafuta yanateleza, na kwa namba ileile bolti inavutwa zaidi ya ulivyokusudia, hivyo punguza.

Mwisho, kabla hujaniita nije kuona, legeza bolti moja tu, zile tatu zikiwa zimekazwa, na uweke ncha ya kidole kwenye ukingo pale bamba linapokutana na fremu. Ukihisi bamba limeinuka, ingiza fila geji upime limeinuka kiasi gani. Lisipoinuka, kaza, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Nitakapokuja nitafanya hivyohivyo, na nitaanza na ile kona iliyokuwa na pengo.

Mwalimu wenu wa karakana